Maswali mengi au mifano iliyofanywa? Njia tatu za kujifunza marekebisho ya mwisho wa mwaka

Wanaojifunza uhasibu wenyewe, jioni baada ya kazi au wakijiandaa na mitihani ya NBAA au KASNEB, huwa na njia tatu mbele yao. Ya kwanza ni kusoma nadharia kidogo kisha kuvamia maswali. Ya pili ni kukaa na mifano iliyokwisha kufanywa na kuisoma hadi ieleweke. Ya tatu ni kuanza na mfano kamili, kisha kwenye mfano unaofuata kuondoa hatua moja ujaze mwenyewe, halafu mbili, halafu tatu, mpaka unabaki na swali tupu.

Nitazilinganisha kwa mada moja tu, marekebisho ya gharama zilizolipwa kabla na zile zinazodaiwa. Nimeichagua kwa sababu ndipo watu wengi waliokuwa wakifanya vizuri kwenye leja na urari huanza kuyumba, na kwa sababu kosa lake halijitangazi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila hiyo ulinganisho utakuwa wa hewani.

Mfanyabiashara amepanga fremu ya duka. Mwenye nyumba, kama kawaida ya wenye fremu, anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Tarehe 1 Oktoba 2024 amelipa shilingi 2,400,000 kwa miezi 12. Mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba 2024. Kazi ina hatua tano:

1. Hesabu miezi iliyoangukia ndani ya mwaka huu: Oktoba, Novemba, Desemba, yaani 3.
2. Gawa fedha: 2,400,000 × 3/12 = 600,000 ni gharama ya mwaka huu. Zinazobaki, 1,800,000, ni haki yake ya kukaa kwenye fremu mwakani, kwa hiyo ni mali.
3. Fungua leja uone kilichoandikwa tayari, ukilinganishe na kinachotakiwa kuwepo.
4. Andika ingizo la jarida litakalofuta tofauti hiyo.
5. Onyesha kila salio linakokwenda: 600,000 kwenye taarifa ya faida na hasara, 1,800,000 kwenye mizania upande wa mali za muda mfupi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye somo. Siku ile ya Oktoba, karani angeweza kuandika malipo kwa namna mbili, na zote mbili ni halali. Angeweza kudebiti akaunti ya gharama moja kwa moja, au kudebiti akaunti ya mali na kusubiri mwisho wa mwaka. Matokeo ya mwisho yanafanana, ila ingizo la marekebisho ni tofauti kabisa:

| | Iliandikwa kama gharama | Iliandikwa kama mali |
|---|---|---|
| Salio kabla ya marekebisho | Gharama ya pango 2,400,000 | Pango lililolipwa kabla 2,400,000 |
| Debiti | Pango lililolipwa kabla 1,800,000 | Gharama ya pango 600,000 |
| Krediti | Gharama ya pango 1,800,000 | Pango lililolipwa kabla 600,000 |
| Gharama baada ya hapo | 600,000 | 600,000 |
| Mali baada ya hapo | 1,800,000 | 1,800,000 |

Sasa mchukue mtu aliyekariri safu ya kushoto, "malipo ya kabla: debiti mali, krediti gharama", halafu mpe kitabu cha karani wa safu ya kulia. Ataongeza 1,800,000 juu ya mali ambayo tayari ni 2,400,000, ipande hadi 4,200,000 kwa fremu iliyolipiwa 2,400,000. Akaunti ya gharama itabaki na salio la krediti la 1,800,000, jambo ambalo kwa gharama halina maana. Faida itakuwa imevimba kwa 2,400,000. Na urari? Utalingana bila tatizo, kwa kuwa debiti na krediti alizoandika ni sawa. Ndiyo maana nasema kosa hili halijitangazi. Anayetegemea urari umwambie amekosea atalala usingizi mzuri.

Njia yoyote ya kujifunza mada hii naipima kwa swali moja tu: inamfikisha mtu kwenye hatua ya tatu, au inampitisha pembeni?

Maswali kwanza

Hii ndiyo njia yenye heshima mtaani. "Fanya pasti pepa, utaelewa mbele ya safari." Mwanafunzi anasoma kurasa mbili tatu, anafika kwenye swali la fremu, anakwama, anaangalia majibu nyuma ya kitabu na kuona 1,800,000. Kuanzia hapo hafanyi uhasibu tena. Anatafuta namba mbili ambazo akizigawanya, kuzizidisha au kuzitoa zitamletea 1,800,000. Akiipata anafurahi, anaweka tiki na kusonga. Alichojifunza ni kwamba kuna sehemu ya 9/12 mahali fulani.

Mtafiti wa Australia John Sweller alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980. Akili ya mgeni ikiwa na lengo mbele yake na haina njia, nguvu zote huenda kwenye kutafuta njia, na hazibaki za kuona muundo wa tatizo. Mwaka 1985, yeye na Graham Cooper walilinganisha wanafunzi wa aljebra waliosoma mifano iliyofanywa na wale waliotatua maswali yaleyale wenyewe. Waliosoma mifano walitumia muda mfupi, na walipopewa maswali ya kufanana walikuwa wepesi zaidi na makosa yao yalikuwa machache. Lakini kuna nusu ya pili ya matokeo hayo ambayo watu husahau kuitaja: maswali yalipobadilika muundo, faida hiyo haikuonekana. Nitairudia hii chini, maana ndiyo hasa safu ya kushoto na safu ya kulia.

Maswali kwanza yana mahali pake. Kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi kwenye ofisi ya hesabu, ameshafunga vitabu vya miaka kadhaa na anachohitaji ni kasi ya mtihani, mfano uliofanywa humchosha tu. Anasoma maelezo ya kitu anachokijua na kulazimika kuyaoanisha na njia yake mwenyewe. Mwaka 2005 Halabi, Tuovinen na Farley walichapisha ulinganisho wao wa njia hizi mbili kwenye somo la msingi la uhasibu, na picha waliyoipata inakubaliana na hili: waliokuwa wageni wa uhasibu ndio walionufaika na mifano, na wenye msingi hawakuonyesha tofauti ya maana.

Mifano kamili peke yake

Hii ni njia tamu. Unasoma mfano wa fremu, kila mstari unakubali, unageuza ukurasa, mfano wa bima nao unakubali. Baada ya saa moja unajiona umeiva. Hatari yake ni kwamba kukubali mstari ambao mtu mwingine ameuandika ni kazi tofauti na kuuandika wewe.

Kipimo chake ni rahisi. Funika ingizo la jarida kwa kipande cha karatasi na ujiulize, kabla ya kufunua, akaunti gani inadebitiwa na kwa kiasi gani. Kama unajua akaunti lakini hujui kama ni 600,000 au 1,800,000, mfano umekupita. Ulisoma hatua ya 2, ukaruka ya 3, ukatua kwenye ya 4.

Lawama nyingine iko kwa vitabu vyenyewe. Mifano mingi huandika hatua ya 1, ya 2 na ya 4 tu. Hatua ya 3 humezwa, kwa sababu mwandishi ameamua tangu mwanzo kwamba kila malipo yanaandikwa kama gharama, na hakusema. Msomaji hajui hata kwamba kulikuwa na uamuzi. Kwa hiyo mfano "kamili" wa kitabu mara nyingi si kamili, na mtu anayejifunza kwa mifano pekee anarithi pengo hilo bila kujua.

Ukiamua kubaki na njia hii, walau usisome kimya. Pembeni ya kila mstari andika sababu kwa maneno yako: "1,800,000 inatoka kwenye gharama kwa sababu karani aliweka zote 2,400,000 humo, na za mwaka huu ni 600,000 tu." Sentensi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mtu aliyeruka hatua ya 3. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza, ndiyo, lakini sababu za pembeni ni zako, ziandike kwa lugha unayofikiria.

Mfano unaopunguzwa

Alexander Renkl na Robert Atkinson ndio walioipa njia hii umbo lake linalojulikana, kwenye majaribio ya miaka ya mwanzo ya 2000. Mfano wa kwanza una hatua zote. Wa pili, hatua ya mwisho imeachwa wazi. Wa tatu, mbili za mwisho. Unarudi nyuma hivyo hadi mwanafunzi anafanya kila kitu. Wanaondoa kuanzia mwisho ili mgeni asikutane na ukurasa mtupu kwenye mstari wa kwanza. Anasukumwa na hatua zilizoandikwa, kisha anamalizia.

Kuna jambo moja kwenye tafiti zao ambalo kwangu lina uzito kuliko mpangilio wa mwisho-kwenda-mwanzo. Watu walijifunza zaidi zile hatua zilizoachwa wazi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hatua ipi unaiacha wazi, na kwa muda gani. Ukifuata mpangilio wa kawaida bila kufikiri, kila hatua inaachwa wazi kwa zamu yake, iwe nyepesi au nzito. Kwenye mada yetu huo ni ubadhirifu, kwa sababu hatua ya 2 ni hesabu ya darasa la sita na hatua ya 3 ndiyo inayoangusha watu.

Mimi hupanga karatasi hivi.

Karatasi ya kwanza ni fremu, hatua zote tano, imeandikwa kama gharama. Ya pili ni fremu ileile, fedha zilezile, tarehe zilezile, ila karani ameandika kama mali. Nazo zote hatua tano. Zinalazwa ubavuni kwa ubavu, na kazi ya mwanafunzi ni moja: aseme ni mstari upi ulianza kutofautiana, na kwa nini mistari ya mwisho imerudi kufanana. Kwa kuwa namba hazikubadilika, hakuna kitu kingine cha kukimbilia. Hapo ndipo lile tatizo la 1985 linapopata dawa: kama unataka mtu ahimili swali lililogeuzwa, mwonyeshe ligeuzwe mapema, wakati bado ana msaada.

Karatasi ya tatu ni bima ya gari la mizigo: shilingi 960,000, miezi 12 kuanzia 1 Septemba 2024, imeandikwa kama mali. Hatua ya 5 iko wazi. Hii ni nyepesi na inapita haraka: 320,000 kwenye faida na hasara, 640,000 kwenye mizania. Hata hivyo mwambie mwanafunzi ahakiki hatua ya 1 kwa macho yake, kwa sababu karatasi inayofuata itamdai. Wengi hufanya 12 kutoa 9 na kupata miezi 3. Septemba yenyewe imo, ni 4.

Karatasi ya nne inaingiza gharama inayodaiwa. Hapa vitabu hupenda bili ya umeme ya Desemba, mfano ambao kwa Tanzania umechakaa, maana mwenye LUKU hulipa kwanza ndipo ataingiza tokeni na kuwasha taa. Natumia riba. Mkopo wa 6,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, umechukuliwa 1 Novemba 2024, riba hulipwa kila baada ya miezi mitatu. Hadi 31 Desemba ni miezi 2: 6,000,000 × 18/100 × 2/12 = 180,000. Hatua ya 3 imeandikwa: leja ina sifuri, inatakiwa iwe na 180,000, tofauti ni 180,000. Hatua ya 4 na ya 5 ziko wazi. Mwanafunzi anadebiti gharama ya riba, anakrediti riba inayodaiwa, kisha anaweka deni hilo kwenye mizania.

Angalia kilichotokea hapo. Malipo ya kabla na gharama zinazodaiwa vitabuni ni sura mbili zenye kanuni mbili za kukariri. Kwenye hatua ya 3 ni swali moja: kinachotakiwa kuwepo, ukitoa kilichopo. Mtu akiliona hili, nusu ya kukariri inaanguka yenyewe.

Karatasi ya tano inaacha hatua ya 3, 4 na 5 wazi, na hapo ndipo tunapokaa. Siongezi ugumu mwingine. Nabadilisha tu alichofanya karani: mara gharama, mara mali, mara hakuandika chochote, na mara nyingine aligawa, akaandika miezi fulani hapa na mingine kule. Mwanafunzi akipata mbili mfululizo zenye maandishi tofauti ya karani, na sababu ya pembeni inasimama, tunaendelea. Akipata ingizo sahihi kwa sababu mbovu, kwa mfano "kwa sababu ni malipo ya kabla", hiyo siihesabu. Karatasi inayofuata inakuwa ya safu nyingine, na sababu hiyo itavunjika mbele yake mwenyewe.

Baada ya hapo ni swali tupu, kisha pasti pepa. Pasti pepa zinakuja mwishoni, na zinakuja kweli. Kuna walimu wanaopenda mifano kiasi cha kusahau kuuondoa msaada, na mwanafunzi wao anafika mtihanini hajawahi kuanza kwenye karatasi nyeupe.

Udhaifu wa njia hii ni kazi ya maandalizi. Hakuna anayekuuzia karatasi hizi zikiwa zimepangwa hivyo. Unaweza kuzitengeneza kwa swali lenye majibu yaliyofafanuliwa: toa fotokopi, funika mistari unayoitaka, ongeza mwenyewe hatua ya 3 ambayo kitabu kimeimeza. Ukijisomea peke yako, kufunika majibu uliyoyaona dakika moja iliyopita hakutoshi, utakuwa unakumbuka tu. Badilisha tarehe au maandishi ya karani kwanza. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi, kila mmoja anamtengenezea mwenzake.

Njia hii pia haifai kila mada. Inahitaji kazi yenye hatua zinazofuatana na angalau hatua moja ya uamuzi. Kwenye uchumi, kwa mfano, inafaa pale mtu anapochora soko la sukari: hatua ya kuamua kama mstari mzima wa mahitaji unasogea au tunapanda na kushuka juu ya mstari uleule ni ndugu wa hatua yetu ya 3, na ndiyo ya kuacha wazi mara nyingi. Kwenye swali la kujadili kama serikali idhibiti bei ya sukari, hakuna hatua za kufuta. Huko unahitaji kusoma na kubishana.

Nani achague ipi

Usichague kwa kujipima moyoni. Chukua swali la fremu lililoandikwa kama mali, ambalo hujaliona, na uandike mstari wako wa kwanza bila kuangalia chochote.

Kama mstari wa kwanza ni "leja ina 2,400,000 kwenye mali", nenda kwenye maswali, mifano itakuchelewesha. Kama umeanza na 2,400,000 × 3/12 kisha ukakwama kwenye upande wa kudebiti, usirudi mwanzo wa kitabu. Wewe ni wa karatasi ya nne na ya tano, yaani siku mbili tatu za jioni. Kama hukuweza kuandika kitu, au umeandika ingizo lote kwa kasi na limetoka la safu ya kushoto, anza na zile karatasi mbili za ubavuni. Huyu wa mwisho, mwenye kasi, ndiye mgumu kumshawishi, kwa kuwa amekuwa akipata majibu sahihi kwa kila swali la kitabu chake. Mpe ajumlishe akaunti ya gharama ya pango mbele yako, aone salio la krediti la 1,800,000, kisha umuulize mwenye fremu amemlipa lini.

Mwalimu wa darasa la watu 60 hawezi kumpa kila mmoja karatasi yake, na kwake nashauri kitu kidogo zaidi. Ubaoni andika mfano kamili mmoja, na mwingine ulioandikwa kinyume, kisha kila mfano unaofuata uache hatua ya 3 tu. Hatua nyingine zote ziandike wewe. Si mpangilio wa Renkl, ila unatumia dakika chache za kipindi mahali ambapo darasa linaangukia. Na unapozunguka kusahihisha, soma sababu ya pembeni kabla ya kuangalia ingizo.